Mtiririko wa fedha umegoma kufunga: kuisaka tofauti mstari kwa mstari

Umeandaa taarifa ya mtiririko wa fedha kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ile inayoanza na faida kisha kuirekebisha mpaka ibaki fedha. Mstari wa chini unasema fedha zimepungua kwa 450. Ukiangalia mizania, fedha taslimu na salio la benki vilikuwa 8,750 mwanzoni mwa mwaka na 6,500 mwishoni. Hapo pungufu ni 2,250. Katikati kuna 1,800 isiyo na mwenyewe.

Tarakimu zote humu ni maelfu, na mfano nimeutunga ili ukae kwenye ukurasa mmoja. Makosa yaliyomo siyo ya kutunga. Kila moja nimewahi kulifanya, na moja nimelifanya zaidi ya mara moja.

Hii ndiyo rasimu iliyogoma:

| Rasimu ya kwanza | |
|---|---:|
| Faida baada ya kodi | 5,000 |
| Uchakavu | 4,000 |
| Ongezeko la wadaiwa | (3,300) |
| Badiliko la bidhaa ghalani | (800) |
| Ongezeko la wadai | 900 |
| Ongezeko la kodi inayodaiwa | 350 |
| Uendeshaji | 6,150 |
| Ununuzi wa mali za kudumu | (8,500) |
| Fedha za mauzo ya mali | 1,500 |
| Uwekezaji | (7,000) |
| Badiliko la mkopo | 2,000 |
| Gawio lililolipwa | (1,600) |
| Ugharamiaji | 400 |
| Badiliko la fedha | (450) |

Kabla ya kuigusa taarifa

Tofauti inaweza kuwa haimo kwenye taarifa hata kidogo. Inaweza kuwa kwenye zile namba mbili unazozilinganisha nazo, 8,750 na 6,500, na hapo utaikagua taarifa usiku kucha bila kuona kitu. Kwa hiyo anza na ncha.

Ncha ya mwanzo huharibika kimyakimya. Hesabu za mwaka jana zilisainiwa, wakaguzi wakaleta marekebisho, lakini marekebisho hayo hayakuingizwa kwenye mfumo, au yaliingizwa kwa tarehe ya mwaka huu. Dalili yake ni kwamba tofauti haifanani na muamala wowote wa mwaka huu, na faida limbikizi ya mwanzo nayo haikubaliani na nakala iliyosainiwa. Shika nakala iliyosainiwa mkononi, usome salio kutoka humo, usilichukue kwenye mfumo.

Ncha ya mwisho ina ugonjwa wake. Mtu huchukua salio la taarifa ya benki badala ya salio la leja lililosuluhishwa. Hapo tofauti italingana na hundi ambazo hazijapita benki, ukitoa amana ambazo benki haijaziingiza. Ukiuona mlingano huo, kazi imekwisha.

Kisha kuna swali la nini kinahesabiwa kuwa fedha. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 7 kinaruhusu kujumuisha uwekezaji wa muda mfupi ulio karibu sawa na fedha taslimu, na kwa kawaida maana yake ni ule unaoiva ndani ya miezi mitatu au chini ya hapo. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ulipoupata, siyo tangu siku ya kufunga hesabu. Amana ya miezi sita iliyobakiza miezi miwili haijageuka kuwa fedha kwa sababu tu muda umesogea. Ovadrafti inayolipwa benki ikidai, na ambayo ni sehemu ya namna taasisi inavyoendesha fedha zake kila siku, inaweza kuingia humo kama namba hasi. Kinachoharibu mlingano ni kubadili msimamo katikati: ukiitoa ovadrafti kwenye salio la mwisho na kuisahau kwenye la mwanzo, tofauti itakuwa salio zima la ovadrafti ya mwanzo, siyo badiliko lake. Namba ya tofauti ikifanana na salio zima la akaunti moja ya benki au amana moja, shuku hapa kwanza.

Mwisho, hakikisha mizania zote mbili zenyewe zinalingana. Mizania iliyopinda kwa 1,800 haitoi mtiririko ulionyooka.

Katika mfano wetu ncha zote ni safi. Tofauti imo ndani.

Njia ya mkato inayodanganya

Kila mhasibu amefundishwa ujanja huu: gawa tofauti kwa mbili, kwa sababu namba iliyowekwa kwa alama isiyo yake hupotosha jumla mara mbili. Nusu ya 1,800 ni 900. Na tazama, wadai wameongezeka kwa 900 kamili! Geuza alama ya wadai iwe hasi, jumla inashuka kutoka (450) hadi (2,250), na taarifa inafunga bila hata senti kubaki.

Nayo ni makosa matupu. Wadai wakiongezeka maana yake umepokea mali au huduma bila kulipa bado, kwa hiyo fedha zimebaki mfukoni na alama sahihi ni chanya. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukiigeuza, makosa matatu yaliyokuwepo yanakuwa manne, na sasa hakuna atakayeyatafuta kwa sababu mstari wa chini unapendeza.

Ujanja wa pili ni kugawa kwa tisa, kukamata tarakimu zilizopishana nafasi, kama 5,400 kuandikwa 4,500. 1,800 inagawanyika kwa tisa pia. Ningekuwa sijui, ningepoteza saa nzima nikitafuta namba iliyopinduliwa ambayo haipo.

Majaribio haya siyo mabaya kosa likiwa moja. Tatizo ni kwamba hujui kama liko moja. Tofauti ni jumla ya makosa yote baada ya kuongezana na kupunguzana, na jumla haikuambii ilitokana na nini. Kwa hiyo nayatumia kama dakika mbili za kubahatisha, na jibu lolote yanalotoa nalithibitisha kwa maana ya muamala kabla ya kugusa alama yoyote.

Mstari kwa mstari

Mizania inalingana mwanzo na mwisho. Kwa hiyo badiliko la fedha ni lazima liwe sawa na mabadiliko ya mistari mingine yote ya mizania yakijumlishwa: ongezeko la madeni na mtaji, ukitoa ongezeko la mali zisizo fedha. Hili ni hesabu tu, halina cha kubishana. Hapa:

900 + 350 + 2,000 + 3,400 − 3,300 + 800 − 6,400 = −2,250

Hizo ni wadai, kodi, mkopo, faida limbikizi, wadaiwa, bidhaa ghalani, na mali za kudumu. Mtaji wa hisa haukubadilika.

Ikiwa mlingano huo ni wa lazima na taarifa yako bado haifungi, basi kuna mstari wa mizania ambao badiliko lake hukuligawa lote, au uliligawa kupita kiasi. Badala ya kuuliza "1,800 iko wapi?", unauliza kila mstari: badiliko lako lote limeingia kwenye taarifa? Mstari unaojibu "ndiyo" unaacha masalio sifuri.

Kwenye jedwali la Excel, weka salio la mwanzo safu ya B, la mwisho safu ya C, na kuanzia D hadi K mgao wa kila kipande kilichoingia kwenye taarifa, kwa alama ileile iliyonayo huko. Safu ya L ni masalio. Mstari wa mali na mstari wa deni hutofautiana mwelekeo:

```
Mali:            =B5-C5-SUM(D5:K5)
Deni na mtaji:   =C12-B12-SUM(D12:K12)
```

Uamuzi mgumu kidogo ni kipande kipi kiende mstari upi. Faida na gawio vinakwenda faida limbikizi. Uchakavu, ununuzi na fedha za mauzo ya mali vinakwenda mali za kudumu. Faida iliyopatikana kwenye mauzo ya mali, inayotolewa kwenye uendeshaji, nayo inakwenda mali za kudumu, na ndipo wengi huteleza. Vingine vinajieleza.

Rasimu yetu inatoa hivi:

| Mstari | Athari kwa fedha | Iliyogawiwa | Masalio |
|---|---:|---:|---:|
| Wadaiwa | (3,300) | (3,300) | 0 |
| Bidhaa ghalani | 800 | (800) | 1,600 |
| Mali za kudumu | (6,400) | (3,000) | (3,400) |
| Wadai | 900 | 900 | 0 |
| Kodi inayodaiwa | 350 | 350 | 0 |
| Mkopo | 2,000 | 2,000 | 0 |
| Faida limbikizi | 3,400 | 3,400 | 0 |
| Jumla | (2,250) | (450) | (1,800) |

Masalio yanajumlika kuwa 1,800 ileile, lakini sasa tunajua ilivyojengwa: 3,400 upande mmoja na 1,600 upande wa pili. Namba 900 haimo popote. Wadai wametoka na sifuri yao, na yule aliyetaka kuwageuza alama amepata jibu.

Bidhaa ghalani, 1,600

Hili ni jepesi. Bidhaa zilitoka 9,500 zikawa 8,700. Mzigo umepungua, yaani sehemu ya ulichouza mwaka huu ulikuwa umeshainunua mwaka jana, na fedha hazikuhitajika tena. Alama ni chanya. Mwandaaji aliona wadaiwa juu yake wana alama hasi, akaendeleza hasi bila kuangalia kwamba mstari huu ulishuka. Masalio yakiwa mara mbili kamili ya badiliko la mstari wenyewe, ni alama. Hapa ndipo ule ujanja wa nusu unapofaa, kwa sababu sasa uko ndani ya mstari mmoja.

Mali za kudumu, 3,400

Mstari huu ndio unaokula muda, kwa sababu badiliko lake moja hubeba mambo matatu au manne. Usiukisie. Andika mwendo wake wote kutoka kwenye rejista ya mali:

thamani ya kitabuni mwanzoni 30,000, ongeza manunuzi, toa uchakavu 4,000, toa thamani ya kitabuni ya mali iliyouzwa 1,100, upate 36,400 mwishoni.

Manunuzi yanayofanya hesabu hiyo ikubali ni 11,500. Rasimu ina 8,500. Zimekosekana 3,000.

Halafu mauzo. Gari lililokuwa na thamani ya kitabuni 1,100 liliuzwa kwa 1,500, faida 400. Fedha zote 1,500 zimeonyeshwa kwenye uwekezaji, sawa. Lakini ile 400 imo pia ndani ya faida ya 5,000 iliyoko juu kabisa. Imehesabiwa mara mbili, na dawa ni kuitoa kwenye uendeshaji. Ukiongeza 400 kwenye 3,000 unapata 3,400 na mstari umekwisha.

Sasa ile 3,000. Ilikuwa mashine ambayo muuzaji aliitoa kwa mkopo wa miaka minne. Mkataba wake ulikaa kwenye faili la mikopo, na mwandaaji alijumlisha manunuzi kutoka faili la ankara, kwa hiyo hakukutana nayo. Upande wa mkopo alichukua badiliko la mizania lilivyo, 2,000, na ndani ya badiliko hilo mashine ilikuwemo. Muamala mmoja umeingia kwa mguu mmoja tu.

Angalia jinsi mstari wa mkopo ulivyoonyesha masalio sifuri na huku una kosa. Sifuri hiyo ilipatikana kwa kuchukua badiliko zima na kuliita fedha. Mwendo halisi wa mkopo ni 15,000 mwanzoni, ongeza 3,000 ya mashine, toa marejesho ya 1,000, upate 17,000. Fedha iliyopita mlangoni ni ile 1,000 tu, nayo ilitoka.

Hapa kuna kishawishi. Ukiandika ununuzi wa 11,500 na mkopo mpya wa 3,000, taarifa itafunga vizuri. Ila IAS 7 inataka miamala isiyohusisha fedha iachwe nje ya taarifa na ielezwe kwenye maelezo ya hesabu. Hakuna 3,000 iliyoingia benki wala kutoka. Kwenye jedwali lako weka (3,000) mstari wa mali na 3,000 mstari wa mkopo katika safu moja iliyotengwa kwa miamala isiyo ya fedha. Safu hiyo lazima ijumlike sifuri, na hakuna namba yake inayokwenda kwenye taarifa.

Baada ya marekebisho, uendeshaji ni 7,350, uwekezaji unabaki (7,000), ugharamiaji unakuwa (2,600): marejesho 1,000 na gawio 1,600. Jumla (2,250).

Dalili nyingine unazoweza kukutana nazo

*Tofauti ni sawa na badiliko la kodi inayodaiwa.* Umeanza na faida kabla ya kodi, ukaonyesha kodi iliyolipwa kwenye mstari wake, kisha ukaacha pia badiliko la deni la kodi kati ya marekebisho. Chagua moja. Katika mfano wetu, kama kodi ya mwaka ni 1,500, faida kabla ya kodi ni 6,500 na kodi iliyolipwa ni 1,150. Ukitoa hiyo unafika 5,350, ambayo ni 5,000 jumlisha 350. Ile 350 imeshaingia, usiiongeze tena.

*Tofauti ni sawa na gharama ya madeni yasiyolipika.* Umeirudisha gharama hiyo juu kama gharama isiyo ya fedha, halafu badiliko la wadaiwa umelichukua baada ya kutoa akiba ya madeni hayo. Badiliko halisi baada ya akiba tayari lina gharama ndani yake. Ama urudishe gharama na kutumia wadaiwa kabla ya akiba, ama usiirudishe kabisa.

*Tofauti ni ndogo na taasisi ina akaunti ya fedha za kigeni.* Tuseme akaunti ina 1,000 ya fedha ya kigeni mwaka mzima bila kuguswa, na kiwango cha kubadilisha kimetoka 2.50 kwenda 2.70. Kwenye mizania fedha zimekua kutoka 2,500 hadi 2,700 bila muamala wowote. Ile 200 imo pia ndani ya faida. Inatakiwa itolewe kwenye uendeshaji na ionyeshwe peke yake chini, kati ya badiliko la fedha na salio la mwisho. Ukiitoa juu na kusahau chini, taarifa itapungua kwa 200. Ukiiweka chini bila kuitoa juu, itazidi kwa 200. Mwelekeo wa tofauti unakwambia ni nusu ipi umeisahau. Usipogusa popote taarifa itafunga, ila uendeshaji utakuwa umejisifia 200 ambazo haukuzitafuta.

*Tofauti ni 1 au 2.* Ukikokotoa kwa namba kamili ambazo hazijakatwa na tofauti ikatoweka, ni kukatwa kwa tarakimu. Isipotoweka, siyo kukatwa, hata iwe ndogo namna gani. Nimewahi kuona tofauti ya 3 ambayo ilikuwa 40,003 ikipambana na 40,000.

Imefunga, lakini bado ina kosa

Jedwali la masalio linakamata kila kilichoachwa. Halikamati kilichowekwa chumba kisicho chake, kwa sababu kuhamisha namba kutoka uendeshaji kwenda uwekezaji hakugusi jumla.

Rudi kwenye ile 8,500 ya manunuzi. Nilisema ilitoka faili la ankara. Ankara siyo malipo. Ukiorodhesha malipo ya mali za kudumu kutoka taarifa za benki za mwaka mzima unapata 7,800. Ile 700 ni samani zilizofika wiki ya mwisho ya mwaka na hazijalipwa. Zimo ndani ya wadai wa 8,100. Kwa hiyo ongezeko la wadai wa uendeshaji siyo 900 bali 200, na 700 iliyobaki ni mdai wa mali za kudumu, ambaye kwenye jedwali anastahili mstari wake mwenyewe, akienda na (700) upande wa mali kwenye ile safu ya miamala isiyo ya fedha.

Uendeshaji unashuka kutoka 7,350 hadi 6,650, uwekezaji unakuwa (6,300), ugharamiaji haubadiliki, na jumla ni (2,250) kama ilivyokuwa. Mwenye kukopesha akitazama uwezo wa biashara kulipa deni kutokana na uendeshaji, alikuwa anaoneshwa 700 zaidi ya zilizopo. Ndiyo maana, masalio yakishakuwa sifuri, nachukua namba nne kubwa zinazodai kuwa ni fedha zilizopita benki: ununuzi wa mali, fedha za mauzo, marejesho ya mkopo, gawio. Kila moja naitafuta kwenye taarifa za benki kwa tarehe na kiasi, na ile nisiyoiona naihesabu kuwa bado haijalipwa mpaka mtu anionyeshe hati ya malipo.